Mikono Safi ya Grisi

Kisa hiki hakuna atakayekiamini, na asiyeamini aache tu, asije kugonga mlango wa mtu kudai ushahidi. Kuna mwanamke aliyemlisha mumewe hewa maisha yao yote ya ndoa, na mwanaume akanenepa. Siyo hewa ya maneno. Hewa yenyewe hii, unayoivuta puani ukiwa umekaa hapo.

Mwandishi wa habari hizi ni shemeji yake huyo mwanamke, ndugu wa tumbo moja na mume. Ni mtu wa sura nzuri, aliyeacha shule mapema kwa sababu walimu waliogopa kuulizwa maswali. Lakini kisa hiki si chake, kwa hiyo akae pembeni. Ni kisa cha shemeji yake, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Povu.

Mama Povu ni mpika keki. Jiko lake liko nyuma ya nyumba, chumba kirefu chembamba chenye dirisha moja, oveni ya gesi yenye mlango unaolia ukiufungua, na meza ya chuma iliyosuguliwa hadi unaweza kujinyolea ndevu ndani yake. Wapika keki wengine wa mtaa hupiga siagi na sukari, wakatia na poda ya kuumulia, keki ikajiinukia yenyewe kama mtu aliyeitiwa chakula. Yeye anazijua hizo, na mteja akitaka anapewa. Ila roho yake iko kwenye keki za povu. Hizo hazina siagi, hazina poda. Zinainuliwa na mayai yaliyopigwa mpaka yakabeba hewa, basi. Ukiipoteza hewa hiyo njiani umepoteza keki.

Ziko za namna mbili. Moja ya mayai mazima. Anayaweka na sukari kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka, anayapiga mpaka yapate joto la kidole, kisha anayatoa na kuendelea kupiga hadi yanakuwa mazito na meupe. Ukiinua kipigio uji ule unashuka kama utepe, na utepe unakaa juu kidogo kabla haujazama. Hapo ndipo unga unaingia, umechekechwa, kwa mkono mwepesi. Ya pili ndiyo nyeupe pe, ya ute mtupu, kiini hakiruhusiwi hata kuchungulia. Hiyo ndiyo iliyoleta maneno yote haya.

Sababu ute una adui mmoja, naye ni mafuta. Tone la kiini, alama ya siagi kwenye ukingo wa bakuli, kidole kilichoshika kitumbua: povu halipandi. Utapiga mpaka bega likuage, utabaki na maji yenye mapovu makubwa kama ya kuoshea vyombo. Ndiyo maana kabla ya kuanza Mama Povu hufuta bakuli lake la chuma kwa kipande cha limao, halafu hulikausha kwa kitambaa ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa. Watoto wake wamekua, wameoa na kuolewa, wana watoto wao, na bado wanakiogopa kitambaa hicho.

Sasa mwanamke wa namna hiyo akaolewa na nani? Fundi magari.

Gereji walimwita Grisi, na jina likamfuata mpaka nyumbani, mpaka msibani. Alikuwa pande la mtu, mcheshi, mwenye mikono myeusi kuanzia kucha hadi kiwiko. Alikuwa akiisugua kwa sabuni ya unga, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa, lakini ule weusi ulikuwa umeshahamia na mizigo yake. Mwezi wa kwanza wa ndoa aliingia jikoni, akaona lile povu jeupe limesimama kwenye bakuli, akachovya kidole akalamba. Akachovya tena. Mama Povu aligeuka akakuta katikati ya povu kuna alama nyeusi, na pembeni limeanza kutoa machozi.

"Umefanya nini?"

"Nimeonja."

"Umeua!"

"Nimeua nini, mayai? Si yalikuwa yamekufa tangu asubuhi?"

Hakucheka. Siku hiyo alikuwa na oda ya mkwe wa mtu mkubwa. Kesho yake Grisi alirudi kutoka gereji na utepe mwekundu wa kufungia nyaya, akaubandika sakafuni mlangoni pa jiko, kutoka mwimo huu hadi mwimo ule. Akasimama nyuma yake kama askari wa mpakani.

"Mama, mimi na mikono yangu mwisho wetu hapa. Nikivuka, nipige na mwiko."

Utepe huo ulidumu. Ukichakaa anabandika mwingine, na kila akiubandika anajitangazia sheria upya. Jioni alikuwa akivuta kigoda chake hapo, magoti yakiwa mpakani kabisa, anamtazama mkewe akipiga mayai huku anasimulia habari za magari ya watu. Akikatiwa ncha za keki anapokea kwa mdomo, kama ndege, mikono ikiwa nyuma.

"Watu wanasema umeninenepesha," alikuwa akimwambia. "Nawaambia ni upepo tu. Mke wangu ananijaza upepo kama tairi."

Kitu kimoja tu chake kilivuka utepe ule. Keki nyeupe huokwa kwenye chombo chenye mrija katikati, ili joto lifike moyoni, na maduka ya mtaa hayakuwa nacho. Grisi alichukua bati la aluminiamu gereji, akalikunja, akalipiga nyundo, akaweka mrija, akalipa miguu mitatu midogo juu ya ukingo. Mama Povu alikichemsha chombo hicho kwenye maji ya sabuni asubuhi nzima kabla hakijakubaliwa. Tangu hapo hakijawahi kupakwa mafuta hata siku moja. Usishangae. Chombo cha keki hii hakipakwi, kwa sababu keki inapanda kwa kushika ukuta. Ukuta ukiteleza, inateleza nao. Ikishaiva unakipindua chombo kizima, mrija unauvika kwenye shingo ya chupa, keki inaning'inia kichwa chini mpaka ipoe. Ukiigeuza ina moto itajikalia yenyewe, ibaki bapa kama kitambaa.

"Hata popo hulala hivyo," Grisi alisema mara ya kwanza alipoiona, "lakini popo haliwi harusini."

Halafu ini likamshika.

Lilimshika polepole. Kwanza aliacha kumaliza chakula, kisha macho yakawa ya njano, kisha suruali zikaanza kumkimbia kiunoni. Daktari alisema maneno mengi kwa Mama Povu kwenye korido, na mawili matatu tu kwa mgonjwa. Kwa mgonjwa alisema: mafuta basi. Siagi, nyama ya mafuta, vya kukaanga, vyote basi. Kwa mke alisema ampeleke nyumbani, akae na watu wake.

Gereji ikawa habari ya zamani. Overoli ikabaki kwenye msumari wake karibu na mlango wa jiko, na hakuna aliyethubutu kuifua. Na mwezi hadi mwezi, jambo likatokea ambalo sabuni na mchanga na mafuta ya taa havikuwahi kuliweza: mikono ya Grisi ikatakata. Kucha zilikua zikakatwa, zikakua zikakatwa, na weusi ukaondoka nazo. Vidole vikawa vyembamba, ngozi ikang'aa. Mama Povu alikuwa akiishika mikono hiyo asiitambue. Ilikuwa kama ya karani.

Ngozi ilimkauka na kumwasha, ndiyo kawaida ya ugonjwa ule, akawa anajikuna mpaka damu. Muuguzi aliyekuwa akipita kumtazama alishauri apakwe mafuta ya watoto. Basi kila asubuhi, kabla hajawasha oveni, Mama Povu alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda na kumkanda mikono na miguu kwa mafuta hayo, kidole kwa kidole, mpaka mgonjwa anasinzia.

Asubuhi moja hakusinzia. Alisema, "Mama, nataka kitu."

"Sema, baba."

"Ile keki nyeupe. Haina mafuta, si ndiyo? Daktari hawezi kusema kitu."

"Haina hata chembe. Nitakupikia leo."

"Hapana. Mimi ndiye nitakayepika." Alinyoosha mikono yote miwili juu ya shuka, akaigeuza viganja, akaigeuza migongo, kama mtoto wa shule anayekaguliwa na mwalimu wa zamu. "Tazama. Nimeishi na wewe miaka yote hii, sijawahi kukupigia hata yai moja. Leo hii una kisingizio gani?"

Mama Povu aliitazama mikono ile. Alitafuta weusi, kama alivyokuwa akiutafuta siku zote, kwenye kucha, kwenye mikunjo ya vidole. Hakuna.

"Sina kisingizio," alisema.

Mchana, shemeji mtu, aliyekuwa amekuja kumtazama kaka yake, ndiye aliyembeba mpaka jikoni. Alimbeba kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akiwa ameshika kiti, maana shemeji huyu ana nguvu ambazo serikali haijazijua. Ukweli ni kwamba mgonjwa hakuwa mzito tena. Walipofika kwenye utepe mwekundu alisema, "Simama." Wakasimama. Akautazama.

"Nivuke?"

"Vuka, baba," alisema Mama Povu. Alikuwa amegeukia dirishani, anahangaika na limao.

Akaketishwa mezani. Mayai yalikuwa yametoka kwenye baridi, kwa sababu yakiwa ya baridi kiini hakipasuki upesi. Mkewe alimfundisha: vunja, mimina kiganjani, fungua vidole kidogo, ute upite, kiini kibaki. Na Grisi, aliyekuwa akifungua kabureta gizani kwa kupapasa, hakupasua kiini hata kimoja. Viini vilikaa kwenye kikombe, vya mviringo, vizima. Ute ulikaa kwenye bakuli, angavu, na Mama Povu aliinama akaukagua kwenye mwanga. Safi. Hakuna uzi wa njano.

"Ningeolewa na wewe mapema kama ningejua," alisema.

"Uliolewa. Ulinifungia nje tu."

Waliuacha ute upate joto la chumba, kisha akapewa kipigio cha waya. Mwanzo ni wa polepole, kwa hiyo ulimfaa: mkono unazunguka tu, ute unafumuka mapovu. Akaongeza mwendo kadiri alivyoweza. Jasho likamtoka. Mapovu yalikuwepo, makubwa, yanapasuka moja moja. Akapumzika, akaanza tena. Limao likatiwa. Sukari ya kwanza ikasubiri kwenye kijiko, ikasubiri.

Hakikupanda kitu.

"Endelea," alisema mkewe. "Inakuja."

Haikuja. Alipiga mpaka kipigio kikamponyoka kikagonga ukingo wa bakuli. Akaziweka zile kucha safi juu ya meza, akazitazama.

"Mkono umekwisha," alisema Grisi. "Nilidhani umebaki hata kidogo. Mama, mimi kweli nimekwisha."



Mama Povu alivuta bakuli kwake. Huyu ni mwanamke mwenye mkono uliopiga mayai ya harusi za kata nzima, na akapiga. Alipiga kwa hasira, kipigio kikilia kama nyuki, na chini yake maji yalibaki maji, na yale mapovu ya kuoshea vyombo. Hapo akasimama. Kama ni nguvu, nguvu ilikuwa imeshaingia. Basi si nguvu. Aliinama akanusa bakuli. Kisha akauchukua mkono wa mumewe, akaunusa.

Mafuta ya watoto.

Alisimama hivyo, mkono ule ameukandamiza puani. Asubuhi ile ile ameupaka yeye mwenyewe, kidole kwa kidole. Maisha yake yote alikuwa akitafuta mafuta meusi, na hayo hayana rangi. Ute ulipita katikati ya vidole ukayachukua. Yeye ambaye wajukuu wake hawagusi kitambaa. Na tazama, angeweza kunyamaza. Angesema mayai ni mabovu, mgonjwa arudi kitandani, mambo yaishe. Lakini angerudi akiamini kwamba mkono umekwisha.

"Siyo mkono wako," alisema. "Ni mimi. Nimekupaka mafuta asubuhi."

Grisi aliuvuta mkono wake, akaunusa mwenyewe.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe, Mama Povu, umetia mafuta kwenye ute?"

"Nimetia."

Kicheko kilianzia mbali, chini kwenye tumbo ambalo ugonjwa ulikuwa umelijaza maji, kikapanda, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. Alicheka mpaka machozi ya njano. "Ndugu yangu," alimwita shemeji mtu, "lete utepe mwekundu! Huyu mama avuke upande ule!" Mama Povu naye akacheka, na kwenye kicheko hicho hicho akaanza kulia, na hakuna aliyejua kimoja kimeishia wapi.

Kulikuwa na mayai mengine, ya oda ya keki ya mayai mazima ambayo mteja aliitaka kesho. Aliyachukua. Mteja atasubiri. Akaosha bakuli kwa maji ya moto na sabuni, akalifuta kwa limao. Halafu akaleta karai, akapiga magoti mbele ya kiti, akamwosha mumewe mikono. Aliiosha taratibu, katikati ya vidole, chini ya kucha, kwenye mistari ya viganja, akaisuuza, akarudia, akaisugua kwa limao. Akaikausha kwa kile kitambaa. Grisi alikitazama kitambaa kile kikipita kwenye vidole vyake, na kwa mtu yule hilo ni jambo la kutangazwa redioni.

Safari hii ute aliutenga mke. Mume akapiga mwanzo, ule wa polepole, na mapovu yakaja madogo, yakashikana, yakawa meupe.

"Limekubali," alinong'ona.

"Limekubali. Usiache."

Aliendelea mpaka mkono ukagoma kweli, na safari hii hakulalamika. Mkewe alisimama nyuma ya kiti, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, wakapiga pamoja, huku sukari ikiingia kijiko kwa kijiko, mpaka povu likang'aa na kilele kikasimama na kuinamisha kichwa kidogo tu. Hapo hapo, usizidishe, likizidi litakauka na kukatika. Unga akauchekecha juu kwa mafungu, akauingiza kwa mwiko mpana, kutoka chini kuja juu, bila kupiga. Ukaingia kwenye kile chombo cha aluminiamu, kikavu, cha miguu mitatu. Oveni ikafungwa ikalia.

Iliiva, ikapinduliwa, mrija ukavikwa kwenye chupa. Grisi alitaka akae aiangalie ikipoa. Kwa hiyo walikaa, watatu, jioni inaingia dirishani, keki inaning'inia kichwa chini na hakuna wa kuiharakisha.

"Haijaanguka?" alikuwa akiuliza, macho ameyafumba.

"Haijaanguka."

"Sasa?"

"Bado imeshika, baba."

Lisemwe hapa, lisije likamvizia mtu: Grisi hakumaliza wiki ile. Alifariki asubuhi, baada ya kupakwa mafuta, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Waombolezaji walijaa uani, na wote walishangaa jinsi marehemu alivyokuwa na mikono safi. Mama Povu amerudi kazini. Overoli iko kwenye msumari. Utepe mwekundu umeanza kubanduka upande mmoja, na akifagia anauzunguka.

Lakini jioni ile ya keki alikuwepo, na hilo ndilo la kumalizia. Ilipopoa, Mama Povu alipitisha kisu pembeni, taratibu, chombo kikaachia. Ikasimama. Nyeupe, ndefu, inapumua. Wewe, keki ile ilipanda ikapita rafu ya kwanza, ikapita ya pili, ikawa inagusa taa! Ikabidi shemeji mtu apande ngazi kuikata. Na Grisi alipopewa kipande chake alikimaliza, akadai cha pili, akakimaliza, akadai cha tatu, makombo yakamjaa ndevuni, nguvu zikamrudia, akainuka kwenye kile kiti kwa miguu yake mwenyewe, akasema kwa sauti ya gereji, akasema—

"Shemeji. Hebu nione hapo."

"Aa, shem, bado sijamaliza kuandika."

"Cha tatu? Hata cha kwanza hakukila. Alichukua punje, akaiweka kwenye ulimi, ikayeyuka. Akasema, 'Hewa.' Akasema, 'Mama, hewa yangu mwenyewe.' Basi. Andika punje."

"Watu wanataka kufurahi kidogo, shem."

"Andika punje."

Haya. Alikula punje. Punje moja, nyeupe, kutoka kwenye keki aliyoipiga kwa mkono wake. Lakini punje yenyewe, msimsikilize huyu mama, ilikuwa kubwa kama—

"Shemeji!"